"Nilidhani unatafuta kazi": jinsi nilivyoandika upya maelezo yangu ya LinkedIn

Mwezi wa tatu nilikutana na meneja mmoja wa SACCOS kwenye semina hapa Dodoma. Tulikuwa tumesimama kwenye foleni ya chai. Nilimwamkia, akaangalia jina langu kwenye kitambulisho, akaniangalia tena usoni. "Kumbe ndiye wewe, dada? Mweka hazina wetu alinipa jina lako mwaka jana. Nikakutafuta LinkedIn, nikasoma maelezo yako, nikadhani unatafuta kazi. Na sisi hatukuwa na nafasi."

Nikamuuliza wakati ule walikuwa na shida gani. Akasema vitabu vilikuwa havikubaliani, mkaguzi alikuwa anakuja baada ya mwezi, wakamtafuta mtu mwingine wa kuwasaidia kwa wiki tatu. Yaani kazi ninayoifanya kila mwaka, tena ninayoipenda kuliko zote. Alisema bila ubaya wowote, akachukua chai yake, tukaendelea na semina.

Jioni nilifungua profaili yangu nikaisoma kama mtu asiyenijua. Sehemu ya About ilikuwa imeandikwa hivi:

"Mhasibu mwenye uzoefu wa zaidi ya miaka 14 katika sekta ya ushirika na huduma ndogo za fedha. Majukumu yangu ni pamoja na kuandaa taarifa za fedha, kusimamia mifumo ya udhibiti wa ndani, kutoa mafunzo kwa bodi na watendaji, kuratibu ukaguzi wa nje na kuhakikisha sheria na kanuni zinazingatiwa. Nina uwezo wa kufanya kazi katika timu na kukamilisha majukumu kwa wakati."

Hakuna uongo hata mmoja hapo. Tatizo ni kwamba maneno haya yalitoka kwenye CV yangu, nayo CV iliyatoa kwenye barua ya ajira ya miaka mingi iliyopita. Yaliandikwa kwa ajili ya mwajiri. Mwajiri ana kiti kitupu na orodha ya majukumu ya kiti hicho, kwa hiyo anaposoma "kuandaa, kusimamia, kuratibu" analinganisha orodha yangu na yake. Meneja wa SACCOS hana kiti kitupu. Ana jambo linalomnyima usingizi na ana tarehe. Akisoma orodha yangu ya majukumu hapati pa kuishika, ila anaitambua sura yake: hii ni barua ya maombi ya kazi. Kwa hiyo yule meneja hakukosea kusoma. Alisoma sawasawa kilichoandikwa.

Kuna kitu kingine nilikiona, nacho ni cha Kiswahili chenyewe. Kitenzi chetu kinabeba mtu ndani yake. Nikisema "nilitafuta" unajua ni mimi na unajua nimeshafanya. Nikisema "mtanipigia" wewe na wenzako mmo ndani ya neno. Lakini "kuandaa", "kusimamia", "kuhakikisha" hayana mtu wala wakati. Nani kaandaa? Kwa ajili ya nani? Lini? Ile "ku-" inafuta yote. Nilihesabu vitenzi vya namna hiyo kwenye aya yangu fupi nikakuta saba, na hakuna kitenzi hata kimoja kilichosema mimi nimefanya jambo fulani, wala kimoja kilichomhusu anayesoma. Tangu siku hiyo, nikitaka kujua kama maelezo ya mtu yanaongea na mteja au yanaorodhesha majukumu, nahesabu kwanza hizo "ku-".

Kabla sijagusa neno nilijiuliza msomaji wangu anafika pale akitokea wapi. Kwa kazi yangu jibu ni lilelile karibu kila mara: kuna mtu amemtajia jina. Mweka hazina, ofisa ushirika wa wilaya, meneja wa SACCOS jirani. Halafu, kabla ya kupiga simu, anaandika jina langu kwenye simu yake ajiridhishe. Hanitafuti kati ya watu mia. Ana jina moja na anatafuta jibu la swali moja tu: huyu ndiye wa shida yetu, au siye? Maelezo yanayofaa kwa mtu huyo ni tofauti kabisa na ya kumvutia mpita njia.

Tena anasoma kidogo sana. LinkedIn inakupa herufi 2,600 kwenye About, nafasi na alama zikiwemo, lakini anayefungua profaili haoni zote. Anaona mistari michache ya mwanzo, kisha maneno see more. Kwenye simu yangu ilikuwa mitatu. Maneno ya Kiswahili ni marefu, kwa hiyo mistari mitatu inakwisha upesi. Mistari yangu mitatu ilikuwa imeliwa na "Mhasibu mwenye uzoefu wa zaidi ya miaka 14 katika sekta ya ushirika na huduma ndogo za fedha", na sentensi ya pili ikakatika katikati. Yule meneja huenda hata hakufungua kuona yaliyobaki.

Hatua ya kwanza haikuwa kuandika. Nilichukua daftari nikarudi kwenye WhatsApp na barua pepe, nikatafuta ujumbe wa kwanza kabisa wa kila mteja niliyefanya naye kazi kwa miaka mitatu: yale maneno aliyoandika kabla hatujazoeana, kabla hajajifunza msamiati wangu. Nilipata 11. Wengine walikuwa wamenipigia simu, nao nikaandika nilichokumbuka. Niliyanakili kama yalivyo.

"Dada habari. Vitabu vyetu haviongei lugha moja." "Namba zinagoma kukutana na mkaguzi anakuja tarehe 12." "Orodha ya wanachama inasema vingine na leja inasema vingine, mhasibu mpya hajui aanzie wapi." Mmoja aliandika tu: "Tumekwama kwenye mikopo."

Hakuna hata mmoja aliyeandika "udhibiti wa ndani". Hakuna aliyeniomba "kuratibu ukaguzi wa nje". Saba kati ya hao 11 walikuwa wanaeleza jambo lilelile, na kwa wasiofanya kazi hii ngoja nilieleze, maana maelezo yote mapya yamesimama juu yake. SACCOS inaandika mkopo mara mbili. Kuna kadi ya kila mwanachama inayoonyesha anadaiwa kiasi gani, na ukijumlisha kadi zote unapata orodha ya mikopo. Kisha kuna leja kuu, ambayo ina akaunti moja ya mikopo yote kwa pamoja. Jumla ya orodha na salio la leja vinatakiwa kuwa namba ileile mwisho wa kila mwezi. Zikitofautiana, mkaguzi hawezi kujua ipi ni ya kweli, na bodi haiwezi kuwaeleza wanachama kwenye mkutano mkuu fedha zao ziko wapi.

Hapo ikabidi niamue, na uamuzi ulinichukua siku kadhaa. Nafanya pia mafunzo ya bodi. Naandika sera za mikopo. Nimesaidia vyama kuandaa nyaraka za kuomba leseni kwa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 ilipoleta utaratibu huo. Kuviacha nje ya mistari ya mwanzo kuliniuma, kana kwamba navikana. Lakini nilipopitia daftari niliona kuwa mafunzo na sera karibu zote zilikuja baadaye, kwa wateja walioanza na tofauti ya mikopo. Watu hawamwiti mgeni awaandikie sera. Wanamwita mgeni wakiwa na tarehe ya ukaguzi mbele yao, wakimwona anavyofanya kazi ndipo wanampa nyingine. Nikaweka mlango mmoja mbele.

Jaribio la kwanza lilianza hivi: "Je, SACCOS yako inakabiliwa na changamoto za kihesabu?" Nililala nalo, asubuhi nikalifuta. Lina sauti ya tangazo la redio, na "changamoto za kihesabu" ni maneno yangu mimi, hayamo kwenye ujumbe hata mmoja kati ya ule 11.

Jaribio la pili lilikuwa baya zaidi, ingawa mwanzoni nilijivunia. Liliongelea upotevu wa fedha na udhaifu wa usimamizi. Nilimsomea mwenzangu tunayefanya naye kazi mara kwa mara, akaniuliza: "Sasa meneja akisoma hivyo, atampelekea mwenyekiti wake hiyo linki?" Asingempelekea. Mtu ambaye vitabu vyake havikubaliani ana hofu. Anaogopa kuonekana mzembe au mwizi, na mara nyingi si mmoja wala mwingine: alirithi kadi zilizoachwa nusu na mhasibu aliyeondoka. Nikimwandikia "upotevu" nimeshamhukumu kabla hajanipigia. Neno la kitaalamu lenye heshima ni "tofauti", na ndilo la kweli pia, kwa sababu mpaka uchimbe hujui kama kuna shilingi iliyopotea au ni maandishi tu. Tangu hapo nilipitia kila sentensi nikiuliza kama meneja angeweza kuionyesha kwa bodi yake bila kujiaibisha.

Jaribio la tatu ndilo lililobaki:

"Orodha ya mikopo ya wanachama inasema hivi, leja kuu inasema vile, na mkaguzi yuko njiani. Hapo ndipo mameneja na wahasibu wa SACCOS hunipigia simu."

Ni herufi 150 hivi. Kwenye simu yangu zinaonekana zote kabla ya see more. Hakuna sifa yangu hata moja ndani yake, lakini mtu mwenye shida hiyo anajiona, na asiye nayo anajua mapema kuwa si kwake.

Kilichofuata ni ushahidi, na hapa ndipo nilipokwama kuliko kote. Nilikuwa na kazi moja iliyofaa kabisa. SACCOS ya wafanyakazi, wiki tatu kabla ya ukaguzi, orodha ya mikopo ikiwa shilingi 412,300,000 na leja ikiwa 398,750,000. Tarakimu hizi nimezibadilisha, lakini sura ni hiyohiyo: orodha ilizidi leja kwa 13,550,000. Tuliichambua kadi kwa kadi. Shilingi 9,200,000 zilikuwa makato ya mshahara. Mwajiri alituma fedha kwa jumla, mhasibu akaingiza jumla kwenye leja, lakini orodha ya nani kakatwa kiasi gani ilichelewa, na wanachama waliohamishwa vituo hawakuonekana kwenye orodha ya kituo chochote. Kadi zao zikabaki zinadai fedha zilizokwisha kulipwa. Zile 4,350,000 zilizobaki zilikuwa mikopo ya waliojitoa: akiba zao zilitumika kufidia deni, leja ikaandikwa, kadi hazikufungwa. Hakuna aliyeiba. Siku ya ukaguzi namba mbili zilisoma sawa.

Habari kama hiyo inashawishi kwa sababu ya tarakimu zake, lakini tarakimu si zangu. Nilimpigia meneja nikamwomba ruhusa. Akakubali niseme aina ya chama, muda uliokuwepo na chanzo cha tofauti, akakataa kiasi na mkoa. "Wanachama wangu wanasoma huko," alisema, na ana haki. Nilihofia habari itapoa bila milioni zake, ila nilipoiandika nikaona kinyume. Meneja mwingine akisoma "makato ya mshahara yaliyoingizwa kwa jumla bila kugawanywa kwa wanachama" anatikisa kichwa, kwa sababu analo hilo pia. Kiasi cha mwenzake hakimsaidii. Chanzo kinamsaidia, na ndicho kinachomwonyesha kuwa nimeshawahi kushika kadi zile kwa mkono wangu.

Ushauri wangu kwa washauri waelekezi wenzangu ni kwamba mtu asiandike jina la mteja bila ruhusa ya maandishi, hata kama kazi ilikwenda vizuri. Na kuondoa jina pekee hakutoshi. "SACCOS ya walimu ya wilaya fulani" ni jina tayari, kwa kuwa huenda iko moja tu.

Kisha niliandika nisichokifanya. Baadhi ya walionipigia huko nyuma walidhani mimi ni mkaguzi, wengine walidhani nauza programu ya kompyuta, na mmoja alitarajia nimhakikishie hati safi. Hiyo ya mwisho ni hatari. Anayelinganisha vitabu hawezi kuahidi maoni ya mkaguzi, na akiahidi ameshaharibu kazi ya wote wawili. Sentensi mbili za kukataa zimenipunguzia simu za bure, na nimegundua zinaongeza imani: mtu akiona nimeweka mpaka, anaamini zaidi kilichomo ndani ya mpaka.

Mwisho wa maelezo ya zamani hapakuwa na chochote cha kufanya. Maelezo mengi huishia na "karibu tuwasiliane", na msomaji anabaki hajui aanze na lipi. Nilifikiri ni kitu gani kidogo mteja anaweza kunitumia ambacho kingenisaidia kukadiria kazi, bila kutoa siri ya mwanachama yeyote. Ni namba mbili: salio la akaunti ya mikopo kwenye urari wa mwisho wa mwezi, na jumla ya orodha ya mikopo ya tarehe ileile. Hazina jina la mtu. Meneja anazipata kwa dakika tano, na kama hazipati kwa dakika tano, hilo lenyewe limeshaniambia jambo.

Haya ndiyo maelezo yote yalivyo sasa:

"Orodha ya mikopo ya wanachama inasema hivi, leja kuu inasema vile, na mkaguzi yuko njiani. Hapo ndipo mameneja na wahasibu wa SACCOS hunipigia simu.

Natafuta tofauti ilikotoka, kadi kwa kadi na mwezi kwa mwezi, mpaka namba mbili zikutane na kila marekebisho yawe na hati yake. Nikimaliza nakaa na mhasibu wenu kupanga utaratibu wa kufunga mwezi, ili tofauti isirudi nikishaondoka.

SACCOS moja ya wafanyakazi iliniita wiki tatu kabla ya ukaguzi. Tulikuta makato ya mshahara yaliyoingizwa kwa jumla bila kugawanywa kwa wanachama, na mikopo iliyofidiwa kwa akiba lakini kadi hazikufungwa. Mkaguzi alipofika, orodha na leja zilisoma namba moja, na mhasibu aliweza kueleza kila marekebisho bila mimi kuwepo.

Sikagui hesabu wala siahidi maoni ya mkaguzi. Siuzi programu ya kompyuta. Nafanya kazi na mfumo mlio nao, hata kama ni daftari.

Niko Dodoma na nasafiri mikoani. Ukitaka kuanza, nitumie namba mbili tu: salio la mikopo kwenye urari wa mwisho wa mwezi uliopita, na jumla ya orodha ya mikopo ya tarehe hiyohiyo. Usitume majina ya wanachama. Nitakujibu kama naona kazi ya siku chache au ya wiki kadhaa, na gharama zake."

Ni kama nusu ya herufi zinazoruhusiwa, na sikuona sababu ya kujaza zilizobaki. Angalia "mhasibu aliweza kueleza kila marekebisho bila mimi kuwepo". Hiyo niliiongeza mwishoni, na mameneja wawili wameshaitaja. Wanaogopa mshauri anayeondoka na ufunguo mfukoni.

Majukumu ya zamani sikuyatupa. Yamehamia kwenye Experience, chini ya kila ajira, mahali ambapo mtu anatarajia kuyaona. Yanahitajika bado. Ukiomba zabuni ya serikali kupitia mfumo wa NeST, au taasisi ikitoa hadidu za rejea zinazodai mtaalamu mwenye miaka kadhaa ya kazi fulani, wanaotathmini wanataka kuona majukumu na miaka vilevile kama vilivyoandikwa kwenye hadidu zao, na wanaweza kufungua LinkedIn kulinganisha na CV uliyowasilisha. Kwa hiyo tarehe na vyeo lazima vifanane kote. CPA(T) yangu iko kwenye Headline, ile mistari chini ya jina yenye ukomo wa herufi 220: "Naoanisha vitabu vya SACCOS kabla ya ukaguzi | Mhasibu, CPA(T)". Zamani iliandikwa "Mhasibu | Mkufunzi | Mtaalamu wa Ushirika", maneno ambayo maelfu ya watu wangeweza kuyabeba.

Suala la lugha lilinisumbua pia. Wengi wetu tunaandika LinkedIn kwa Kiingereza hata kama hatujawahi kufanya kikao kimoja cha kazi kwa Kiingereza. Wateja wangu wanazungumza Kiswahili kwenye bodi, mihtasari yao ni ya Kiswahili, na ujumbe wote ule 11 ulikuwa wa Kiswahili. Basi About yangu ni ya Kiswahili. Kwa anayefanya kazi na wafadhili au mashirika ya kimataifa uamuzi unaweza kuwa mwingine, na hapo aandike Kiingereza moja kwa moja kutokana na maneno ya wateja hao. Nilichokiacha ni kuchanganya lugha mbili kwenye nafasi moja, nusu kwa nusu. Kila msomaji anakutana na nusu isiyo yake, na ile mistari mitatu inagawanywa bure.

Kabla ya kuyaweka hewani niliyapeleka kwa mama mmoja ambaye ni mweka hazina wa chama kimoja cha mtaani kwetu. Hajui LinkedIn na hajali. Nilimwamkia, nikampa simu ikiwa imefunguliwa kwenye ile mistari ya mwanzo tu, nikamwachia kidogo, nikaichukua. "Mama, huyu mtu anafanya kazi gani?" Akajibu, "Anasawazisha vitabu vya mikopo." Nikamuuliza angempigia lini. "Kabla ya mkaguzi." Nilimpa na yale ya zamani kwa namna ileile. Akafikiri kidogo, akasema, "Huyu amesoma uhasibu." Majibu hayo mawili yalinitosha. Sikumwuliza kama ameyapenda, kwa sababu angesema ndiyo kwa heshima.

Ni miezi minne sasa. Simu hazijamiminika, wala sikutarajia, kwa kuwa bado watu wanaletwa na jina walilotajiwa. Kilichobadilika ni mazungumzo ya kwanza. Zamani dakika ishirini za mwanzo nilikuwa naeleza ninafanya nini. Siku hizi mtu anaanza na vitabu vyake. Wanaoniomba niwatafutie kazi au kunitangazia nafasi za ajira wamepungua sana. Na nimekosa pia: mwenyekiti mmoja aliyetaka mafunzo ya bodi alidhani siku hizi sifanyi tena, akamwita mwingine. Nimeweka mafunzo kwenye Featured, na kama hilo litajirudia nitaongeza sentensi moja kwenye aya ya pili.

Wiki iliyopita, saa mbili usiku, uliingia ujumbe kutoka kwa mhasibu wa SACCOS ndogo, binti nisiyemfahamu. "Shikamoo dada. Umesema tutume namba mbili. Urari wa mikopo 61,380,000. Orodha 61,290,000. Nimetafuta wiki nzima." Tofauti ilikuwa 90,000. Tofauti ikigawanyika kwa tisa bila kubaki kitu, mara nyingi kuna tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi wakati wa kuandika. Nikamjibu atafute mkopo ambao kwenye kadi ni 450,000 na kwenye hati ya malipo ni 540,000, au jozi yoyote inayofanana na hiyo, aanze na mikopo iliyotolewa mwezi ule tofauti ilipoonekana mara ya kwanza.

Saa tatu na nusu akatuma picha ya kadi, jina la mwanachama kalifunika kwa kidole. Mkopo wa dharura, 450,000. Pembeni yake hati ya malipo: 540,000.

"Nimeipata," aliandika. "Meneja anauliza kama unaweza kuja mwezi ujao tukague na miezi mingine."

Nimemtumia tarehe.